Ziro ikae wapi? Kuongeza akiba ya fezi kwa kapasita moja ya mrejesho

*Mtaalamu, nimeunda amplifaya ya transista. Bila mrejesho inakuza mara 100,000. Poli ya kwanza iko 1 kHz na ya pili 1 MHz. Nimeifunga kwa mrejesho hasi, R2 ya 9 kΩ kutoka kwenye pato na R1 ya 1 kΩ kwenda ardhini, nipate ukuzaji wa 10. Nikiingiza wimbi dogo la mraba, pato linaruka na kupita kiwango kwa karibu robo tatu ya hatua, kisha linatetemeka kwa takriban MHz 3 kabla ya kutulia. Nimeshauriwa niweke kapasita sambamba na R2 ili nipate ziro. Mmoja ananiambia ziro ikae juu ya poli ya pili ili iifute, mwingine ananiambia ikae pale kitanzi kinapofikia ukuzaji wa 1. Nimsikilize nani?*

Ndugu yangu, wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa naye hajafika. Kwa namba zako ningeanza na 6.8 pF, ambayo inaweka ziro kwenye MHz 2.6, chini kidogo ya hayo masafa yanayotetemeka. Ushauri wa kufuta poli ya pili ungekupa takriban 18 pF. Amplifaya isingelipuka kwa hiyo, lakini ungepoteza sehemu kubwa ya upana wa masafa na bado ukapata akiba ndogo ya fezi. Sababu yake inaonekana vizuri tukianza na kile ambacho osiloskopu yako imekwisha kukuambia.

Akiba ya fezi ni nyuzi zilizobaki kabla ishara inayozunguka kitanzi haijachelewa nyuzi 180, ikipimwa kwenye masafa ambayo ukuzaji wa kitanzi umeshuka hadi 1. Masafa hayo nitayaita mvuko. Ukuzaji wa kitanzi ni ule wa amplifaya ukizidishwa na sehemu ya pato inayorudishwa na rezista zako, yaani moja ya kumi. Ishara ikirudi na nguvu ileile iliyotoka nayo huku imechelewa nyuzi 180, mrejesho hasi unageuka kuwa chanya, na amplifaya inaanza kujitungia mawimbi yake yenyewe.

Chukua kwanza poli mbili ulizozitaja, yaani masafa ambayo kuanzia hapo ukuzaji unashuka na ishara inachelewa zaidi. Ukuzaji wa kitanzi unaanza na 10,000, na ukikokotoa unakuta mvuko uko MHz 3.08. Kufika hapo, poli ya kwanza imekwisha kula nyuzi 90 zake zote na poli ya pili imekula 72. Zinabaki 18. Ishara inapaswa kutetemeka, na kwa kweli inatetemeka, tena kwenye masafa yaleyale ya mvuko. Hadi hapo hesabu na meza ya kazi vinakubaliana.

Lakini ile robo tatu haikubaliani. Kwa mfumo wenye tabia ya poli mbili ulio karibu na kutetemeka, kipimo cha udhibiti wa mtetemo ni takriban akiba ya fezi ikigawanywa kwa 100. Nyuzi 18 zingekupa mruko wa asilimia 60 hivi. Asilimia 75 inadai akiba ya nyuzi 9. Kwa hiyo kuna nyuzi nyingine 9 zinazoliwa na kitu ambacho hakimo kwenye orodha yako. Inaweza kuwa transista ya pato, inaweza kuwa kapasitansi ya nodi ya ingizo la kugeuza, pale R1 na R2 zinapokutana, au vyote viwili. Mimi huwa naviunganisha vyote kuwa poli moja ya kubuni: poli inayokula nyuzi 9 kwenye MHz 3 lazima iwe karibu na MHz 20. Iandike kwenye mchoro wako. Poli hii ya tatu, ambayo haikuonekana kuwa na maana, ndiyo itakayoamua ziro ikae wapi.

Sasa kapasita yenyewe. Ukiiweka C sambamba na R2, masafa ya juu yanapata njia ya mkato ya kurudi kwenye ingizo, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo sehemu inayorudi inavyozidi ile moja ya kumi. Mahali ongezeko hilo linapoanzia ndipo penye ziro. Haliwezi kuendelea milele, kwa sababu pato haliwezi kurudi zaidi ya lenyewe zima. Sehemu inayorudi ikikaribia 1, ongezeko linakoma, na hapo pana poli.

```
fz = 1 / (2π·R2·C)
fp = 1 / (2π·(R1∥R2)·C) = fz·(1 + R2/R1)
```

Angalia mstari wa pili kwa makini. Umbali kati ya ziro na poli yake hauuchagui wewe. Umekwisha kuchaguliwa na ukuzaji unaoutaka. Ukuzaji wako ni 10, basi poli itakaa mara 10 juu ya ziro, utumie kapasita yoyote ile. Unachokishika mkononi ni kitu kimoja tu: kuwasogeza hao wawili kwa pamoja, kushoto au kulia, kwenye mhimili wa masafa.

Ziro inaongeza nyuzi 45 kwenye masafa yake yenyewe na kukaribia 90 juu zaidi, huku poli yake ikinyang'anya kwa mtindo uleule. Faida halisi ya jozi hiyo inafika kilele katikati yao, yaani ziro mara mzizi wa 10, na kilele hicho ni nyuzi 55. Mtu akiona hivyo huwaza haraka: basi niweke kilele juu ya mvuko wa MHz 3.08, nijipatie nyuzi 55 juu ya 9 nilizo nazo, jumla 64. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na hata mimi niliteleza nilipokuwa naanza.

Tatizo ni kwamba ziro haiongezi fezi peke yake. Inaongeza pia ukuzaji wa kitanzi, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya pato inarudi. Kitanzi kinachelewa kushuka hadi 1, na mvuko unakimbilia juu. Unaweka dawa kwenye MHz 3, mgonjwa anahamia MHz 7. Na kule juu poli ya pili imeshakula karibu nyuzi zote 90, ile ya MHz 20 nayo imeamka. Kwa hiyo kila ziro unayoichagua lazima uihesabu kwenye mvuko mpya, si wa zamani.

Tujaribu kwa namba, pamoja na poli ya kubuni ya MHz 20. Kwanza ushauri wa kufuta poli ya pili, 18 pF. Ziro inakaa karibu na MHz 1 na poli yake karibu na MHz 10. Mvuko unaruka kutoka MHz 3 hadi MHz 7.6. Poli ya pili imefutwa kweli, lakini ile mpya ya MHz 10 inakula nyuzi 38 na ile ya MHz 20 inakula 21. Ukijumlisha yote unabaki na akiba ya nyuzi 32. Imepanda kutoka 9, sikatai, lakini bado ni ndogo.

Sasa ziro karibu na mvuko wa zamani. Kapasita ya kawaida iliyo jirani ni 5.6 pF, ziro MHz 3.16. Mvuko unasogea kidogo tu, hadi MHz 3.9, kwa sababu ziro imeanza kufanya kazi wakati kitanzi kimeshakaribia 1. Ziro inatoa nyuzi 51 hapo, poli yake iliyo mbali inarudisha 7 tu, na ile ya MHz 20 inakula 11. Akiba inakuwa nyuzi 47. Kapasita ndogo kuliko ya mwanzo kwa zaidi ya mara tatu imefanya kazi nzuri zaidi.

Je, hapo ndipo kileleni? Si kabisa. Ukishusha ziro kidogo, inatoa fezi haraka zaidi kuliko mvuko unavyokimbia, hadi mahali fulani. Kwa 6.8 pF akiba ni 50 na kitu, kwa 8.2 pF ni 52, na kwa 10 pF inaanza kurudi chini hadi 50. Hicho si kilele cha mlima bali ni uwanda. Popote kati ya 6 na 10 pF uko salama, na tofauti ya nyuzi mbili au tatu haitaonekana kwenye kioo cha osiloskopu. Kwa lugha ya masafa, ziro bora iko kwenye takriban sehemu saba hadi nane ya kumi ya mvuko wa zamani.

Ukitaka kuyahakiki haya mwenyewe, au kubadilisha namba ziendane na amplifaya nyingine, mistari hii inatosha. Inapiga hesabu ya kitanzi, inatafuta mvuko, kisha inasoma akiba.

```python
import numpy as np
f = np.logspace(5, 8, 200000)
s = 2j*np.pi*f

def akiba(C, R1=1e3, R2=9e3):
    A = 1e5/((1+1j*f/1e3)*(1+1j*f/1e6)*(1+1j*f/20e6))
    Z2 = R2/(1+s*R2*C)
    T = A*R1/(R1+Z2)
    k = np.argmin(abs(abs(T)-1))
    fezi = np.degrees(np.unwrap(np.angle(T)))[k]
    return f[k]/1e6, 180+fezi

for p in (0, 5.6, 6.8, 8.2, 10, 18, 68):
    print(p, akiba(p*1e-12))
```

Nimeweka 68 pF mwishoni kwa makusudi. Mtu akiona kapasita ndogo imesaidia, mkono unamwasha aweke kubwa zaidi. Kwa 68 pF ziro iko chini sana, MHz 0.26, na poli yake MHz 2.6. Ukifika kwenye mvuko, jozi nzima imeshapita: ziro imetoa nyuzi 88, poli imerudisha 74, faida iliyobaki ni nyuzi 14 tu. Ulichonunua kwa hasara ni mvuko wa MHz 9.3, kwa sababu kwenye masafa hayo karibu pato zima linarudi, kana kwamba umefunga amplifaya kwa ukuzaji wa karibu 1. Akiba inakuwa nyuzi 5 chini ya sifuri. Amplifaya iliyokuwa inatetemeka na kutulia sasa haitulii tena.

Hilo lilinipata mwaka wangu wa kwanza kwenye karakana. Nilikuwa na kikuzaji kilichotetemeka, nikaweka kapasita, kikaanza kutoa wimbi lisilokoma, nikaamua kapasita haitoshi, nikaongeza nyingine juu yake. Kikawa kibaya zaidi. Fundi mkubwa hakusema kitu, alinyoosha kidole tu kwenye kioo na kuniuliza wimbi lina masafa gani. Nilikuwa sijapima. Lilikuwa karibu mara tatu ya mtetemo wa mwanzo.

Kipimo hicho kinatenganisha makosa mawili yanayofanana kwa macho. Mtetemo ukibaki karibu na masafa ya zamani, ziro yako iko juu mno na kapasita ni ndogo, haijafika kusaidia. Mtetemo ukihamia juu sana, ziro iko chini mno na kapasita ni kubwa, imesukuma mvuko kwenye eneo la poli za juu. Kwa amplifaya yako, mtetemo wa MHz 3 ungesema ongeza, na mtetemo wa MHz 8 hivi ungesema punguza. Usiguse chuma cha kulehemu kabla hujasoma masafa.

Kuna bei nyingine ya ziro iliyo chini, nayo haionekani kwenye akiba ya fezi. Ziro ndani ya kitanzi inageuka kuwa poli kwa ishara yako. Kifikirie hivi: maadamu kitanzi kina nguvu, pato linafuata kinyume cha kile kinachorudishwa. Rezista zikirudisha moja ya kumi, unapata mara kumi. Kapasita ikianza kurudisha zaidi, unapata pungufu. Kwa 18 pF ukuzaji wako wa 10 unaanza kuporomoka karibu na MHz 1, pamoja na kwamba kitanzi kina uwezo hadi MHz 7. Kwa 6.8 pF unabaki na upana wa MHz 3.7 hivi kabla ya kushuka desibeli 3. Kwa hiyo yule aliyekuambia ufute poli ya pili angekupa akiba ndogo zaidi na upana mdogo zaidi kwa wakati mmoja. Ushauri wake una mahali pake pale ambapo poli ya pili iko karibu na mvuko na hakuna poli nyingine ya kuhofiwa. Kwako poli ya pili iko mara tatu chini ya mvuko. Isitoshe, kufuta poli kwa ziro si jambo la kuaminika: poli ya pili inasogea na joto, na mzigo, na transista utakayoibadilisha kesho. Ziro iliyochaguliwa kwa kuangalia mvuko haijali sana poli ikisogea kidogo. Iliyochaguliwa ili kufuta imefungwa mguu mmoja na poli hiyo.

Kwa nini basi nimependekeza 6.8 pF na si 8.2 iliyo kileleni? Kwa sababu ya vitu usivyovichora. Njia za shaba kwenye bodi na miguu ya rezista huongeza sehemu ya pikofaradi kati ya pato na ingizo, na hilo linajumlishwa na kapasita yako. Nikichagua 6.8, kilichopo kwa kweli kitakuwa 7 au zaidi kidogo, bado katikati ya uwanda. Pia upande wa kapasita ndogo unaniachia upana wa masafa na kuniweka mbali na poli za juu, ambazo ndizo ninazozijua kwa uhakika mdogo kabisa. Ile MHz 20 tumeikisia kutokana na mruko mmoja wa wimbi. Ikiwa kwa kweli ni poli mbili za MHz 40, kwenye mvuko wa MHz 4 hesabu inabaki karibu ileile, lakini kule MHz 8 zinaanza kuachana.

Kapasitansi ya ingizo la kugeuza inastahili neno lake. Pikofaradi 4 kutoka nodi hiyo hadi ardhini, kiasi cha kawaida kabisa, zinaungana na C yako katika kuamua poli ya mrejesho. Ziro haisogei, lakini poli inashuka: kwa 5.6 pF inateremka kutoka MHz 32 hadi karibu MHz 18, na akiba inapungua kwa nyuzi 5 hivi. Kwa hiyo usishangae ukipata 45 badala ya 50. Kwa rezista zako hilo linavumilika, kwani R1 na R2 zikiwa sambamba ni 900 Ω. Lakini kama ungetumia 90 kΩ na 10 kΩ, nodi ingekuwa ya 9 kΩ, na pikofaradi hizohizo 4 zingekupa poli kwenye MHz 4.4, kabla hata hujaweka kapasita yoyote. Juu ya hapo ungehitaji C ya 0.68 pF, kitu ambacho bodi yenyewe inakuchagulia bila kukuuliza. Ziro isiyowezekana kutengenezwa ni dalili kwamba rezista ni kubwa mno. Ukienda upande wa pili, 900 Ω na 100 Ω, ungetumia 68 pF kwa ziro ileile, kwa uhakika mkubwa zaidi, mradi transista ya pato iweze kuendesha 1 kΩ bila kuchemka. (68 pF hiyo si ile iliyoharibu mambo hapo juu, kinachohesabika ni zao la R2 na C, wala si kapasita peke yake.)

Na tafadhali usishikishe probu kwenye nodi hiyo ili kuona kinachoendelea. Probu ya kawaida ya mara kumi ina takriban 10 pF. Ukiigusa pale unaongeza poli kwenye kitanzi, na amplifaya iliyokuwa nzuri itaanza kutetemeka mbele ya macho yako. Pima pato tu, na hata hapo kumbuka kwamba nyaya ndefu na mizigo yenye kapasitansi zinasogeza poli ya pili chini.

Kwa mpangilio wa kazi: iache kwanza bila kapasita, ingiza wimbi la mraba dogo kiasi cha pato kubadilika kwa milivolti 50 au 100, maana hatua kubwa inagusa ukomo wa kasi ya pato na kukuficha mtetemo. Soma masafa ya mtetemo. Yaweke kwenye fomula ya ziro. Kwa MHz 3 na 9 kΩ unapata 5.9 pF. Panda thamani moja ya kawaida juu yake, ambayo kwako ni 6.8. Njia hii haihitaji ujue poli yoyote, ndiyo maana naipenda kwa vifaa vya zamani visivyo na karatasi za maelezo. Ukiwa na kapasita ya kurekebisha ya 3 hadi 10 pF, izungushe polepole huku ukitazama mruko ukipungua.

Lakini ukiisharekebisha, usitumie tena ile kanuni ya kugawanya kwa 100. Ziro yako iko kwenye njia ya kurudi, haionekani kama ziro kwenye pato, na hivyo pato linaonekana tulivu kuliko kitanzi kilivyo. Kwa 6.8 pF nategemea mruko wa asilimia chache tu. Kwa kanuni ya awali ungesema akiba ni nyuzi 70, kumbe ni 50. Tofauti hiyo ina madhara siku utakapounganisha waya mrefu kwenye pato: mtu anayedhani ana 70 huruhusu nyuzi 30 ziende, halafu anashangaa. Njia rahisi ya kuhakiki ni kuweka kapasita ndogo ya mzigo kwenye pato, kuiongeza kidogo kidogo, na kuona inachukua kiasi gani hadi mtetemo urudi.

Mwisho kuna hali ambayo njia hii haina msaada, na nakutajia kwa sababu watu wengi hujaribu kuihamishia huko. Kilele cha faida kinategemea ukuzaji wako, kwa fomula hii, G ikiwa ni ukuzaji:

```
fezi_juu = asin((G − 1)/(G + 1))
```

Kwa 10 ni nyuzi 55, kwa 5 ni 42, kwa 2 ni 19.5, na kwa 1 hakuna kitu, kwa sababu pato lote tayari linarudi na hakuna zaidi ya kurudisha. Chukua amplifaya yako hiihii na uitake ukuzaji wa 2. Bila kapasita akiba yake ni nyuzi 11 chini ya sifuri. Ukiweka ziro mahali pazuri kabisa, faida inakaribia 19, lakini mvuko unasogea hadi karibu na MHz 8, poli ya MHz 20 inakula zaidi, na unabaki na nyuzi 5 hivi tu. Hapo hakuna mahali pa kuweka ziro. Kinachotakiwa ni kushusha poli ya kwanza, yaani kuongeza kapasita ya ndani ya amplifaya yenyewe, hadi mvuko urudi chini jirani na poli ya pili, ndipo ufikirie tena kuhusu R2.